Maji ya Chunguni na Maji ya Glasi

Mwaka 1999 mtafiti wa lishe Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mpishi yeyote angeweza kulielewa. Waliwaalika wanawake 24 wembamba kula chakula cha mchana katika maabara yao, na kabla ya mlo wenyewe wakawapa kitangulizi cha kalori 270: kuku, wali na mboga.

Siku moja kitangulizi hicho kilikuja kikiwa kikavu, kimepikwa pamoja kama pilau zito. Siku nyingine kilikuja vilevile, lakini pembeni kukawa na maji ya kunywa, kama glasi moja na nusu. Siku ya tatu maji yaleyale, kwa kipimo kilekile, yalitiwa chunguni na chakula kikageuka supu. Kuku hakuongezwa, wali haukupunguzwa, na kalori zilibaki 270. Kilichobadilika ni mahali maji yalipowekwa.

Baada ya hapo kila mwanamke alijipakulia chakula cha mchana kadiri alivyotaka. Waliotanguliza pilau kavu walikula kalori karibu 390. Waliokunywa na maji pembeni walikula kiasi hichohicho, kana kwamba glasi ile haikuwapo. Waliokunywa supu walikula kalori karibu 290 tu. Ilipofika jioni, hawakufidia pungufu hilo kwa kula zaidi.

Swali lililobaki mezani ni rahisi kuuliza: tumbo lilijuaje tofauti ya maji ya chunguni na maji ya glasi?

Kipimo cha kila gramu

Kalori zinazotajwa hapa ni zile za kwenye pakiti za vyakula, ambazo wataalamu huziita kilokalori. Ukigawa kalori za chakula kwa uzito wake wa gramu, unapata kinachoitwa msongamano wa kalori, yaani nishati iliyobanwa ndani ya kila gramu unayomeza. Mafuta yana kalori 9 kwa gramu. Wanga na protini zina kalori 4. Nyuzinyuzi za mboga na nafaka zina kama 2. Maji hayana kalori hata moja, ila yana uzito na yanachukua nafasi.

Ndiyo maana maji ndiyo yanayoamua zaidi kuliko kitu kingine. Tikitimaji lina kalori takriban 30 kwa gramu 100, chungwa 47, kiazi cha kuchemsha 87, na wali mweupe au maharage ya kuchemsha yanakaribia 130. Ukiingia kwenye vyakula vikavu, hesabu inaruka. Mkate wa dukani unafika 265 kwa gramu 100, chapati inakaribia 300, biskuti hupita 450, na karanga zinapita 550. Biskuti isiyo na mafuta mengi bado iko juu, kwa sababu tanuri limeshalifukuza karibu maji yote yaliyokuwa kwenye unga uliokandwa.

Ugali unaonyesha jambo hili vizuri. Unga wa mahindi ukiwa mkavu una kalori kama 360 kwa gramu 100. Gramu 100 za unga zikisongwa kwa gramu 200 za maji hutoa bonge la gramu karibu 300, na kila gramu sasa ina kalori 1.2 tu. Unga wa ngano ukikandwa kwa maji kidogo, ukasukumwa, ukapakwa mafuta na kukaushwa juu ya kikaango, unapata chapati ambayo gramu kwa gramu inabeba kalori zaidi ya mara mbili ya ugali. Mtu anayedhani ugali ndio unaonenepesha na chapati ni kitafunio chepesi ameipindua mizani.

Tumbo linahesabu nini

Tumbo halina chombo cha kupima kalori kwenye mlango wake wa juu. Kuta zake zimetandazwa neva zinazohisi kutanuka, na chakula kinapozidi kujaa, neva hizo hupeleka taarifa kwenye ubongo kupitia neva ndefu iitwayo vegasi. Taarifa hiyo hufika wakati mtu bado anakula. Ujumbe wa kalori huja baadaye, chakula kinapomwagika kidogo kidogo kwenye utumbo mwembamba na utumbo ukaachia homoni zinazotuliza hamu ya kula na kuliambia tumbo lipunguze mwendo.

Kwa hiyo mlo unaokwisha kwa dakika 15 huamuliwa zaidi na ujazo. Mwaka 1998 kundi hilohilo la Pennsylvania liliwalisha wanawake 18 kwa siku mbili mfululizo, kwa nyakati tofauti, vyakula vilivyofanana kwa ladha lakini vikatofautiana kwa msongamano. Mboga nyingi zilichanganywa ndani ya baadhi yake. Wanawake wale walikula uzito uleule wa chakula kila mara. Kwa kuwa kila gramu ya vyakula vyepesi ilikuwa na nishati kidogo, waliokula vyakula hivyo walipata kalori pungufu kwa karibu asilimia 30, na hawakusema wana njaa zaidi.

Hata hewa inaweza kulidanganya tumbo kwa muda. Mwaka 2000 watafiti hao waliwapa wanaume 28 kinywaji cha mtindi na matunda kilichopigwa kwa mashine mpaka kikajaa viputo. Viungo na kalori vilikuwa sawa, ila ujazo ulikuwa mililita 300, 450 au 600. Waliokunywa kile cha mililita 600 walikula asilimia 12 pungufu kwenye chakula cha mchana kilichofuata.

Sasa tunaweza kurudi kwenye glasi ya maji. Maji matupu hayakai tumboni. Mtu akila pilau na kunywa maji, sehemu ya chini ya tumbo huyachuja maji na kuyapitisha upesi kwenda utumboni, huku punje na nyama zikibaki nyuma. Tumbo lililokuwa limetanuka linasinyaa mapema. Watafiti wa Nottingham, Uingereza, wakiongozwa na Luca Marciani, walionyesha jambo hilo mwaka 2012 kwa kupiga picha za matumbo ya watu walio hai: kuku na mboga pamoja na glasi ya maji upande mmoja, na chakula hichohicho kilichosagwa na maji yake kikawa supu upande wa pili. Supu ilikaa tumboni muda mrefu zaidi, kwa sababu maji yaliyoshikwa na chakula hayakuwa na njia ya kutangulia peke yake.

Kiazi kimoja, hatima mbili

Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walijaribu kuvipanga vyakula 38 kwa nguvu yake ya kushibisha. Kila chakula kilipimwa kiwe na kalori 240. Waliokula waliulizwa kila baada ya dakika 15, kwa muda wa saa mbili, wameshiba kiasi gani, kisha wakaachiwa meza ya chakula wajipakulie. Mkate mweupe ulipewa alama 100 ili vingine vilinganishwe nao.

Aliyeshika nafasi ya kwanza ni mnyonge wa jikoni: kiazi cha kuchemsha, alama 323. Samaki alipata 225, uji wa shayiri 209, machungwa 202, nyama ya ng'ombe 176. Chini kabisa ilikuwa mikate laini ya Kifaransa inayokandwa kwa siagi tabaka kwa tabaka, alama 47. Chipsi zilipata 116 tu, ingawa zimetoka kwenye kiazi kilekile kilichoshinda.

Kilichotokea kati ya chungu na karai kinaonekana kwa macho. Kiazi kibichi karibu asilimia 80 ni maji. Ukikikata na kukitumbukiza kwenye mafuta ya moto, yale mapovu yanayochemka kwa fujo ni maji yanayotoka kama mvuke. Yanapopungua, mafuta hupenya kwenye nafasi yaliyoiacha. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zenye kalori 87 zinageuka gramu 100 za chipsi zenye kalori karibu 300. Kwa kalori 240 mtu anapata viazi vya kuchemsha gramu 275, au chipsi gramu 80, ambazo ni konzi moja na ziada.

Jedwali la Sydney lina mipaka yake. Kila chakula kilijaribiwa na watu wachache, kati ya 11 na 13, na saa mbili si siku nzima. Pia linaonyesha kwamba maji hayafanyi kazi peke yake: nyama na samaki vilipanda kwa sababu protini hushibisha kuliko kalori zake zinavyodokeza, na maharage yana faida ya protini na nyuzinyuzi kwa pamoja. Hata hivyo, kwa ujumla vyakula vilivyokuwa na uzito mkubwa kwa kalori zilezile ndivyo vilivyoshibisha zaidi.

Sahani mbili za mchana

Hesabu hii inaweza kufanywa kwenye meza ya kawaida ya Dar es Salaam. Upande mmoja kuna chipsi mayai, ambayo vijana wa jiji huiita zege. Chukua chipsi gramu 200, kalori 600. Mayai mawili yanaongeza kama 140. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kuyakaangia kina kalori 120. Jumla ni kalori 860 ndani ya sahani yenye uzito wa gramu kama 310, sawa na kalori 2.7 kwa kila gramu.

Upande wa pili kuna sahani ya mama ntilie: wali gramu 200 wenye kalori 260, maharage gramu 150 yenye 190, mchicha gramu 150 wenye 35, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kilichogawanywa kwenye mapishi chenye 120, na chungwa moja lenye 70. Jumla ni kalori 675, na sahani hiyo ina uzito unaopita gramu 660. Ni kalori moja kwa kila gramu. Mlaji wa sahani ya pili amebeba tumboni uzito zaidi ya mara mbili, na bado amekula kalori 185 pungufu.

Lakini mama ntilie huyohuyo anaweza kuiharibu hesabu kwa chupa ya mafuta. Mchicha uliochemshwa ni miongoni mwa vyakula vyepesi kabisa. Ukikaangwa kwa vijiko vikubwa vitatu vya mafuta, zile gramu 150 zenye kalori 35 zinafika karibu 400, na kila gramu sasa ina kalori 2. Mchicha umepita wali. Macho hayaoni kitu, kwa sababu sahani bado ni ya kijani, na ulimi unafurahi. Dalili iko chini ya bakuli: mboga ikiliwa ikaisha na pakabaki dimbwi linalong'aa, sehemu ya kalori ilikuwa humo, na iliyobaki iko tumboni.

Hapo ndipo watu wengi wanaojaribu kupunguza uzito hupotea. Wanaongeza mboga, jambo ambalo ni sahihi, lakini wanaiongeza pamoja na mafuta yake, au juu ya sahani ileile badala ya kuchukua nafasi ya kitu kingine. Ikiwa mtu anapunguza vijiko viwili vya mafuta kwenye sufuria ya watu wanne, kila mlaji anapungukiwa kalori 60 bila ujazo wa sahani yake kuguswa. Akiongeza nyanya, karoti na bamia kwenye mchuzi mpaka nyama na mboga ziwe nusu kwa nusu, msongamano unashuka tena, na kijiko bado kinajaa.

Kwa vyakula vya pakiti, ulinganisho hufanywa kwenye safu ya gramu 100, si ile ya kipimo cha mlo mmoja, ambacho kila kiwanda hukipanga kinavyotaka. Chakula chenye chini ya kalori 150 kwa gramu 100 kinahesabiwa chepesi. Kikifika 400 ni kizito, na konzi mbili zake zinaweza kuwa sawa na mlo.

Pale kanuni inapokwama

Soda ingepaswa kuwa rafiki wa mtu anayetaka kushiba kwa kalori chache. Ina kalori kama 42 kwa gramu 100, nusu ya kiazi cha kuchemsha. Lakini maji yake ni maji ya glasi, na sukari iliyoyeyuka ndani yake hupita nayo. Chupa ya mililita 300 inaongeza kalori karibu 125 kwenye mlo ambao kwa kawaida unabaki vilevile.

Mwaka 2009 Rolls na mwenzake Julie Flood-Obbagy walilijaribu jambo hili kwa tofaa. Watu 58 walitanguliza kalori 125 za tofaa lililokatwa vipande, au lililopondwa, au juisi yake, au hawakutanguliza kitu. Waliotafuna vipande walimaliza mlo wakiwa na kalori asilimia 15 pungufu kuliko wale ambao hawakutanguliza chochote, hata tofaa lenyewe likijumlishwa. Juisi haikufanya hivyo, na kuirudishia nyuzinyuzi za tofaa hakukuisaidia. Muundo wa tunda, na kazi ya kulitafuna, vilikuwa sehemu ya shibe.

Kwa hiyo msongamano wa kalori ni kipimo cha chakula kinacholiwa, si cha kinywaji. Wala haupimi ubora: karanga ni nzito sana lakini zina protini na mafuta yenye manufaa, na maji ya sukari ni mepesi bila kuwa na cha kumpa mlaji.

Tumbo dogo la mtoto

Kuna mlaji mmoja ambaye sheria hii yote inamgeukia. Mtu mzima mwenye uzito uliozidi anatafuta kushiba kabla kalori hazijafika. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anashiba kabla kalori hazijafika, na hilo ndilo tatizo lake.

Tumbo la mtoto mdogo huchukua kama gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10, basi, anamaliza kikombe cha mililita 300 na hana nafasi tena. Kwa umri wa mwaka mmoja hadi miwili, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba anahitaji kalori karibu 550 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Tuseme anapewa uji mwepesi, gramu 10 za unga kwa kila gramu 100 za uji. Kikombe chake kina kalori 108. Vikombe vitatu kwa siku vinampa 324. Kila mara amekunywa mpaka akageuza uso, na kila siku anadaiwa kalori zaidi ya 200.

Jawabu la haraka ni kuongeza unga. Lakini wanga ukipikwa hunywa maji na kuvimba. Unga ukifika gramu 20 kwa 100, uji umekuwa ugali laini, na mtoto asiye na meno ya kutosha anautema. Mama anaongeza maji ili uteremke, na msongamano unarudi ulikokuwa.

Njia ya kutoka kwenye kitanzi hiki ilikuwa tayari kwenye vibuyu vya wapika togwa na pombe. Mwaka 1983 A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha utafiti kuhusu kutumia unga wa kimea kutengenezea chakula cha watoto wanaoanza kulishwa, na kimea kikaingia kwenye mafunzo ya lishe Tanzania. Mtama au ulezi unalowekwa usiku kucha, unafunikwa kwa gunia bichi siku mbili tatu mpaka uchipue, unakaushwa juani, kisha machipukizi na vimizizi vinasuguliwa na kupepetwa vyote kabla ya kusaga. Hatua hiyo ya kupepeta hairukwi kwa mtama, kwa kuwa machipukizi yake yana kemikali inayotoa sianidi, ambayo ni sumu.

Punje inapochipua hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachokata minyororo mirefu ya wanga. Kijiko kimoja cha kimea kikikorogwa kwenye uji mzito hukata minyororo ile iliyoyashika maji, na ndani ya dakika chache uji unalegea na kumiminika. Kalori hazijapungua. Kikombe kilekile cha mililita 300 sasa kina kalori karibu 216, na vikombe vitatu vinavuka 640.

Wanaokosea hukosea kwenye moto. Kimea kikitiwa uji ukiwa unatokota, kimeng'enya kinaungua kabla ya kufanya kazi na mwiko unaendelea kusimama wima sufuriani. Uji huepuliwa, ukaachwa upoe kidogo, ndipo kimea kikakorogwa. Ukishalegea hurudishwa jikoni uchemke tena, ili vijidudu vilivyokuja na kimea vife. Mpishi anajua umekubali anapouinua mwiko na uji ukadondoka kama mtindi.